Maji yalipotoa jibu la malaria

“Shikamoo Dokta. Mrija wa maji umetoa mstari wa 205. Naomba tusitoe majibu ya leo, turudie.”

Ujumbe wa namna hii, kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa msimamizi wa maabara, ni wa kupokelewa kwa shukrani. Katika PCR ya malaria ya hatua mbili, mrija mmoja hutiwa maji safi badala ya vinasaba vya mgonjwa, na kwenye jeli haupaswi kuonyesha kitu. Ukitoa mstari wa jozi 205, alama ya Plasmodium falciparum, vinasaba vimepenya mahali, na sampuli zilizoonekana kuwa na vimelea haziaminiki tena.

Hatari kubwa iko pale mrija wa hatua ya kwanza unapofunguliwa, kwani umejaa nakala nyingi mno. Kwa hiyo mwanafunzi anaomba maji na praima mpya, ncha za pipeti zenye chujio, na meza ifutwe kwa klorini. Anaongeza mirija miwili ya maji: mmoja upite hatua zote, mwingine uingie ya pili tu. Ukitoa mstari ule wa kwanza peke yake, uchafu uliingia mwanzoni au wakati wa kuhamisha; ikitoa yote miwili, dawa za hatua ya pili ndizo za kushukiwa.