Kejeli kwenye barua pepe

“Asante kwa kunijibu haraka hivi, baada ya wiki mbili tu!” Mhasibu aliyemwandikia hivyo mwenzake alidhani anatania. Mwenzake alisoma tusi.

Ana kwa ana, utani hubebwa na sauti, tabasamu na macho. Kwenye barua pepe hubaki maneno matupu, lakini mwandishi bado anaisikia sauti yake kichwani, ndiyo maana hudhani ataeleweka. Mwaka 2005 Justin Kruger na Nicholas Epley, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili: waandishi walitarajia kejeli na maneno ya dhati vitofautishwe mara 78 katika kila 100, wasomaji walipatia 56 tu, karibu sawa na kubahatisha.

Ili kuirekebisha sentensi yenye mwiba, tafuta ombi lililojificha ndani yake. Mhasibu alitaka risiti. Basi aandike: “Habari za kazi. Tarehe 3 nilikuomba risiti za safari. Naomba nizipate kabla ya Alhamisi saa sita mchana ili malipo yako yaingie mwezi huu. Kama kuna kinachokwamisha, nipigie.” Ucheleweshaji umetajwa kwa tarehe, bila kuchoma. Ukiwa umeudhika kweli, piga simu.