Maombi ya Kurudia Yanavyoangusha Huduma Nzima

Jumapili ya tarehe 20 Septemba 2015, saa 8:19 usiku kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, mtandao wa ndani ulitetereka kwa muda mfupi katika vituo vya kompyuta vya Amazon vilivyoko kaskazini mwa jimbo la Virginia. Afrika Mashariki ilikuwa saa 6:19 mchana. Mtikisiko huo uligusa sehemu tu ya seva za DynamoDB, hifadhidata ya Amazon ambayo kampuni nyingi duniani huikodi ili kuweka taarifa za wateja wao. Kwa kawaida jambo la namna hiyo hutokea na kupita bila mteja yeyote kujua. Safari hii halikupita. Dakika 18 baadaye idadi ya maombi yaliyoshindwa ilikuwa imepanda kuliko wakati wowote katika miaka mitatu iliyotangulia, ikatulia kwenye asilimia 55 hivi, na huduma haikurejea katika hali nzuri hadi saa 1:10 asubuhi.

Karibu saa tano za usumbufu, kutokana na hitilafu fupi ya mtandao. Kilichoifanya hitilafu hiyo kuwa ndefu ni seva zenyewe. Zilikosa jibu, zikauliza tena, na kwa kuuliza tena zikahakikisha kwamba jibu halitoki.

DynamoDB hugawa data katika vipande vingi na kuvitawanya kwenye seva nyingi. Kila seva lazima ijue vipande ilivyokabidhiwa, na orodha hiyo hutunzwa na huduma ya pembeni iitwayo huduma ya metadata. Seva huiuliza mara kwa mara kama orodha yake bado ni ileile. Ikipotewa na mtandao, jambo la kwanza inapozinduka ni kuuliza tena. Jibu lisipofika ndani ya muda uliowekwa, seva hujiondoa kazini, maana haiwezi kuwa na hakika kwamba data iliyo nayo bado ni yake kuihudumia, kisha huuliza upya. Ukiitazama seva moja, utaratibu huu ni wa busara kabisa.

Lakini katika miezi iliyotangulia wateja walikuwa wameanza kutumia kwa wingi aina mpya ya faharasa, na kila faharasa iliongeza mistari kwenye orodha za seva. Orodha zikawa ndefu, kuziandaa kukachukua muda zaidi, na muda huo ukasogea polepole hadi karibu na kikomo ambacho seva ziliruhusiwa kusubiri. Kipimo hicho hakikuwa kikifuatiliwa kwa undani wa kutosha. Basi mtandao ulipotetereka, seva nyingi zikaomba orodha kwa mpigo. Baadhi ya majibu yakavuka kikomo. Seva zilizokosa jibu zikajiondoa na kuomba tena, na mzigo juu ya huduma ya metadata ukaongezeka. Ndipo likatokea lililokuwa baya zaidi: seva ambazo hazikuguswa na mtikisiko hata kidogo, zilipokuja kuuliza kwa ratiba yao ya kawaida, nazo zikacheleweshewa majibu, zikajiondoa, zikajiunga na zinazouliza bila kuchoka. Hata zile zilizofanikiwa kupata orodha zilishindwa katika uhakiki uliofuata zikarudi kulekule.

Hesabu ndogo ya kufikirika itaonyesha kwa nini hali hii haijitibu. Tuseme huduma fulani inaweza kushughulikia maombi 1,000 kwa sekunde, na wateja wake huleta 800. Kila programu ya mteja husubiri jibu kwa sekunde moja. Lisipofika, inatuma ombi lilelile papo hapo, na inaweza kufanya hivyo mara tatu. Sasa kwa sekunde 10 tu, labda kwa sababu diski imelemewa, uwezo unashuka hadi maombi 500 kwa sekunde.

Kila sekunde maombi 300 yanabaki kwenye foleni. Baada ya sekunde mbili foleni ina maombi 600, na kwa kasi ya 500 anayeingia mwishoni atangoja zaidi ya sekunde moja. Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Kuanzia wakati huo kila jibu linatoka likiwa limechelewa. Programu iliyouliza imeshakata tamaa na kutuma ombi jingine, lakini ombi la kwanza bado limo kwenye foleni, na seva haijui kwamba mwenyewe ameondoka. Ni kama karani wa dirishani anayeita namba kwa bidii, namba baada ya namba, na kila aliyeitwa ameshatoka na kurudi nyuma ya foleni na namba mpya. Karani hapumziki na hakuna anayehudumiwa.

Kila ombi sasa linatumwa mara nne, kwa hiyo maombi 800 yanakuwa 3,200 kwa sekunde. Sekunde 10 zinakwisha, diski inapata nafuu, uwezo unarudi kuwa 1,000. Haisaidii. Yanaingia 3,200 na yanatoka 1,000, foleni inazidi kurefuka, na kila kinachotoka kimechelewa. Idadi ya watu wanaotumia huduma haijabadilika hata kwa mtu mmoja, na mitambo ni mizima. Hata hivyo huduma iliyokuwa imepungua kasi sasa imekufa kabisa, na itabaki imekufa hadi mtu aingilie kati. Mwaka 2021 Nathan Bronson na wenzake walichapisha makala ya kitaalamu kuhusu aina hii ya hitilafu, ile inayoendelea kujilisha yenyewe hata chanzo chake kikiwa kimeondoka.

Mhandisi aliyeko zamu anaweza kuitambua, ila lazima aangalie pande mbili. Akitazama kumbukumbu za seva peke yake ataona kazi inakwenda: vichakataji vimejaa, maelfu ya maombi yamekamilika bila kosa. Akitazama upande wa wateja ataona karibu kila ombi limeshindwa kwa kuisha muda. Tofauti hiyo kati ya mafanikio yanayohesabiwa ndani na kushindwa kunakoonekana nje ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Nyingine ni maombi kuongezeka mara tatu au nne huku idadi ya watumiaji ikiwa palepale.

Hali huwa mbaya zaidi pale kila ngazi ya mfumo inapokuwa na tabia hiyohiyo. Programu kwenye simu hujaribu mara tatu. Lango la kampuni linalopokea ombi nalo hujaribu mara tatu kwenda kwenye huduma ya ndani. Huduma ya ndani hujaribu mara tatu kwenda kwenye hifadhidata. Tatu mara tatu mara tatu ni 27: kidole kimoja kilichobonyeza mara moja kimeipiga hifadhidata mara 27, tena wakati ambapo imelemewa. Kila timu iliandika sehemu yake kwa nia njema, na hakuna aliyekusudia 27. Ndiyo maana nashikilia kwamba kujaribu tena kuruhusiwe katika ngazi moja tu, na zilizobaki zipeleke taarifa ya kushindwa juu bila kurudia.

Huko Virginia, wahandisi walijaribu kwanza kitu ambacho karibu kila mtu angejaribu: kuongeza uwezo wa huduma ya metadata. Hawakuweza. Huduma ilikuwa imezidiwa kiasi kwamba hata amri zao za kiutawala hazikupenya. Baada ya majaribio kadhaa, saa 11:06 alfajiri waliamua kusitisha maombi yote yaliyokuwa yakielekea kwenye huduma hiyo. Kelele za kurudia zikapungua, amri zikapita, uwezo ukaongezwa, kisha maombi yakaruhusiwa tena. Uamuzi wa kuzima kinachobaki ili kukiokoa ni mgumu kwa mtu aliye zamu, lakini dhoruba ikishajishika mara nyingi hakuna njia nyingine.

Kinga ya kwanza iko kwa anayeuliza. Badala ya kurudia papo hapo, programu isubiri sekunde moja, ikishindwa tena isubiri mbili, kisha nne, kisha nane, hadi kikomo fulani. Kuongeza muda maradufu peke yake hakutoshi, kwa sababu programu elfu moja zilizoshindwa pamoja zitasubiri pamoja na kurudi pamoja, kwa mawimbi. Kwa hiyo kila moja ichague kwa bahati nasibu wakati wowote kati ya sifuri na kikomo cha zamu hiyo: mahali penye nne, moja itarudi baada ya sekunde 0.7, nyingine baada ya 3.2. Wazo hili si geni. Robert Metcalfe na David Boggs walilieleza mwaka 1976 katika makala yao kuhusu Etheneti, ambapo kompyuta zilizogongana kwenye waya mmoja husubiri kwa nasibu kabla ya kutuma tena. Machi 2015, miezi sita kabla ya tukio la Virginia, Marc Brooker, mhandisi wa Amazon hiyohiyo, alichapisha mfano wa hesabu unaoonyesha jinsi bahati nasibu inavyosawazisha mawimbi hayo.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Kusubiri huahirisha mzigo, hakuupunguzi. Ikiwa kila sekunde wanakuja watu wapya 800, maombi yaliyoahirishwa yatawakuta wageni mlangoni na jumla itabaki kubwa mno. Kinachopunguza mzigo ni bajeti: kila programu iruhusiwe kurudia kwa kiwango fulani tu cha maombi yake. Wahandisi wa Google wameandika kwamba wao hutumia kikomo cha asilimia 10. Bajeti ikiisha, ombi lililoshindwa limeshindwa, na mtumiaji aambiwe hivyo waziwazi huku kitufe cha kutuma kikifungwa kwa muda, maana kidole cha mtu mwenye haraka nacho kinarudia bila kusubiri.

Turudishe bajeti hiyo kwenye hesabu yetu. Maombi 800 pamoja na asilimia 10 ni 880. Katika sekunde 10 za uwezo wa 500, foleni inafika 3,800. Uwezo ukirudi kuwa 1,000, foleni inapungua kwa 120 kila sekunde, na baada ya sekunde 23 hivi imeshuka chini ya 1,000. Kuanzia hapo majibu yanafika kwa wakati, na huduma imejiponya bila mtu kuigusa. Seva ikifundishwa pia kutupa maombi yaliyokaa foleni zaidi ya sekunde moja, nafuu inakuja mapema zaidi.

Amazon, katika maelezo yake ya baada ya tukio, ilitaja marekebisho yake: iliongeza sana uwezo wa huduma ya metadata, ikaanza kufuatilia ukubwa wa orodha na muda wa kuziandaa, ikapunguza kasi ambayo seva huomba orodha na kuongeza muda zinaoruhusiwa kusubiri jibu. Pia ilianza kuigawa huduma hiyo ya metadata katika sehemu kadhaa, kila moja ikihudumia baadhi tu ya seva.