Gesi ya Songosongo Mbele ya Kamati ya Bunge: Namna ya Kusoma Hoja, Mapendekezo na Muda Uliowekwa kwa Menejimenti

Mara kwa mara wananchi husikia redioni kwamba kamati ya Bunge imetoa taarifa kuhusu shirika fulani la umma, kwamba wabunge wamekuja juu, na kwamba menejimenti imepewa siku kadhaa. Baada ya wiki mbili habari huzimika. Kinachobaki ni kitabu chenye kurasa nyingi, kilichoandikwa kwa lugha ya wahasibu na wanasheria, ambacho wachache hukifungua. Makala hii inaeleza namna ya kukitoa kiini cha taarifa ya aina hiyo, kwa kutumia shauri linaloihusu moja kwa moja Wilaya ya Kilwa, yaani gesi asilia ya Songosongo na usimamizi wake chini ya Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC.

Gesi hiyo iligunduliwa mwaka 1974, lakini ilianza kutumika kibiashara mwaka 2004, baada ya kujengwa kwa bomba linalopita chini ya bahari kutoka kisiwani hadi Somanga Funga na kuendelea nchi kavu hadi Ubungo, Dar es Salaam. Tarehe 11 Oktoba 2001 Serikali na TPDC zilitiliana saini na kampuni ya PanAfrican Energy Tanzania mkataba wa kugawana uzalishaji. Sehemu ya gesi ilitengwa kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Songas pamoja na kiwanda cha saruji cha Wazo, na hiyo haikuwa ya kugawana. Iliyobaki iliitwa gesi ya ziada. Hii ndiyo ambayo kampuni iliiuza kwa viwanda na kwa wazalishaji umeme, na mapato yake ndiyo yaliyozaa mgogoro.

Mnamo Novemba 2011 Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Nishati na Madini, iliyokuwa chini ya uenyekiti wa Januari Makamba, iliwasilisha bungeni taarifa kuhusu sekta ndogo ya gesi. Msingi wa hoja yake kuu ulikuwa ukaguzi wa TPDC juu ya gharama ambazo kampuni ilijirejeshea kati ya mwaka 2002 na 2009. Katika ukaguzi huo TPDC ilizikataa gharama za takriban dola za Marekani milioni 34, ikieleza kwamba hazikustahili kukatwa katika mapato. Kampuni haikukubali, na ilishikilia kwamba ilizitumia kihalali. Kamati ilipendekeza fedha zilizokatwa isivyostahili zirejeshwe na mkataba wenyewe upitiwe upya.

Ili hoja hiyo ieleweke, ni lazima kwanza ieleweke namna mkataba unavyogawa fedha. Mapato ya gesi ya ziada yakishaondolewa ada ya kusafirisha, kampuni huruhusiwa kujirejeshea gharama zake za kutafuta, kuchimba na kuendesha visima, kwa sharti kwamba makato hayo yasizidi asilimia 75 ya mapato ya kipindi husika. Kinachobaki ndicho huitwa faida, na hugawanywa kati ya TPDC na kampuni. Fungu la kampuni ni kati ya asilimia 25 na 55, kwa kutegemea wingi wa gesi.

Tuchukue hesabu ndogo ya mfano. Mapato ya mwezi ni shilingi milioni 100 na gharama halali ni milioni 40. Inabaki milioni 60, na tukichukulia kwamba pande mbili zinagawana nusu kwa nusu, TPDC hupata milioni 30. Sasa gharama ya milioni 10 isiyostahili ikiingizwa kwenye hesabu, makato huwa milioni 50, kinachobaki ni milioni 50, na TPDC hupata milioni 25. Kilichokatwa isivyostahili ni milioni 10, ilhali hasara ya Serikali ni milioni 5. Ndiyo maana taarifa za aina hii huwa na takwimu mbili zinazotofautiana, moja ya gharama zenye shaka na nyingine ya mapato yaliyopotea. Anayezichanganya huishia kumtuhumu mtu kwa kosa lisilokuwapo, au kuliona dogo kosa lililo kubwa.

Lipo jambo jingine ambalo hujificha zaidi. Gharama zikizidi kile kikomo cha asilimia 75, ziada yake haifutwi, bali huhamishiwa kipindi kinachofuata. Kama katika mfano wetu gharama halali zingekuwa milioni 90, kampuni ingekata milioni 75 na kubakiza milioni 15 za kudai baadaye. Ukiongeza milioni 10 zisizostahili, makato ya mwezi huo hayabadiliki hata kidogo, kwani kikomo ni kilekile. Kinachobadilika ni deni linalosonga mbele, ambalo sasa limekuwa milioni 25. Mkaguzi anayetazama mwezi mmoja peke yake hataona kitu. Kwa sababu hiyo ukaguzi wa mwaka 2011 ulilazimika kurudi nyuma miaka kadhaa na kufuatilia kapu zima la gharama tangu mwanzo.

Hapa ndipo swali kwa menejimenti ya shirika la umma linapojitokeza. Gharama huingia katika kapu kupitia mpango kazi na bajeti ambayo mbia wa Serikali hupaswa kuipitia. Dalili za gharama yenye kasoro hazihitaji utaalamu wa ajabu: haimo katika bajeti iliyopitishwa, haina stakabadhi, inahusu shughuli za kampuni mahali pengine, au imeingizwa mara mbili chini ya majina tofauti. Ikiwa dalili hizo zinagunduliwa baada ya miaka minane, hoja ya kamati haiishii kwa kampuni iliyoingiza gharama. Inamgusa pia aliyepaswa kuzikagua kila mwaka. Msomaji wa taarifa ya Bunge atafute sentensi inayomtaja huyo wa pili, kwa kuwa mara nyingi imeandikwa kwa upole kuliko ile ya kwanza.

Baada ya hoja huja mapendekezo, na hapa yapo makosa ya kawaida katika usomaji. Pendekezo la kamati si amri. Linapowasilishwa bungeni, likajadiliwa na kupitishwa, huwa azimio la Bunge, na Serikali ndiyo hupaswa kulitekeleza na kurudi kutoa maelezo. Azimio linaposema mkataba upitiwe upya, haina maana kwamba mkataba umebadilika. Mkataba una pande mbili, na upande mmoja hauwezi kuufuta kwa kura za wabunge bila kufuata masharti yaliyomo ndani yake. Katika shauri la Songosongo, hatua iliyofuata ilikuwa Serikali kuunda timu ya majadiliano mwaka 2012 ili izungumze na kampuni kuhusu urejeshaji wa gharama, mgawanyo wa faida na mambo mengine. Mabishano juu ya zile dola milioni 34 hayakuisha mwaka huo wala uliofuata.

Muda wa utekelezaji ndio sehemu inayostahili kusomwa kwa jicho kali kuliko zote. Pendekezo lenye tarehe, lenye jina la ofisi inayohusika na lenye kitu cha kukabidhi, linaweza kufuatiliwa. Pendekezo linalosema shirika liimarishe usimamizi mapema iwezekanavyo haliwezi kufuatiliwa na yeyote, kwa sababu hakuna siku ambayo mtu atasema limechelewa. Anayefupisha taarifa kwa ajili ya wananchi asilitie tarehe pendekezo ambalo halina. Aandike wazi kwamba muda haukuwekwa.

TPDC hiyohiyo inatoa mfano wa yanayotokea kamati inapodai kitu mahususi. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali, PAC, iliitaka iwasilishe mikataba 26 ya gesi na mafuta ili ipitiwe. Mikataba haikuwasilishwa, na usiri wa kimkataba ukawa sehemu ya mabishano. Tarehe 3 Novemba 2014 mwenyekiti wa kamati hiyo, Zitto Kabwe, aliagiza polisi wawakamate mwenyekiti wa bodi ya TPDC na kaimu mkurugenzi mtendaji wake. Nguvu hiyo haikutokana na hasira ya kikao. Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge huipa kamati uwezo wa kuita mashahidi na kudai nyaraka, na kukaidi wito huo ni kosa. Ikumbukwe pia kwamba hadi mapema mwaka 2013 mashirika ya umma yalikuwa na kamati yake ya hesabu, ambayo ilivunjwa na kazi yake kuhamishiwa PAC. Anayefuatilia azimio la zamani huenda akakuta kamati iliyolitoa haipo tena, na hapo ni rahisi kwa shirika kukaa kimya.

Wakazi wa Kilwa wana haki ya kuuliza kama mabishano haya yaliipunguzia halmashauri mapato. Ushuru wa huduma ambao sheria ya fedha za serikali za mitaa imeuruhusu hukokotolewa katika mauzo ya kampuni kabla ya kuondoa gharama. Kwa hiyo gharama iliyoongezwa isivyostahili haiugusi ushuru huo moja kwa moja. Inagusa mgawo wa faida wa TPDC, yaani mfuko wa Taifa. Kinachoweza kuuathiri ushuru wa halmashauri ni takwimu za mauzo zilizo pungufu, au mauzo kuhesabiwa kuwa ya wilaya nyingine. Diwani au mjumbe wa kamati ya fedha anayetaka kulinda mapato ya Kilwa aanzie kwenye kiasi cha gesi iliyouzwa na bei yake, si kwenye kapu la gharama.

Mwaka 2015 Bunge lilitunga Sheria ya Petroli, iliyounda Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli, PURA, na kuipa kazi ya kukagua gharama za mikataba ya aina hii. Kwa hatua hiyo kazi ya ukaguzi ilitenganishwa na shirika ambalo lenyewe ni mbia wa biashara. Mwaka huohuo ilitungwa pia sheria ya uwazi na uwajibikaji katika rasilimali za madini, mafuta na gesi asilia, inayoelekeza mikataba ichapishwe. Leseni ya Songosongo iliyotokana na mkataba wa mwaka 2001 ilipangwa kudumu miaka 25, hadi Oktoba 2026, na gharama zinazodaiwa katika miaka yake ya mwisho zinapaswa kukaguliwa kama zile za mwanzo.