Pesa chafu huoshwa vipi? Twende kwa kituo cha kuosha magari

Kwa mijadala ya ufisadi, "utakatishaji pesa" hautajwi bila kelele. Mimi naueleza kwa hatua tatu.

1. Kuingiza. Kituo kinaosha magari 20 kwa siku, kila moja shilingi 300: jumla 6,000. Mwenyewe anaandika magari 100, anapeleka benki 30,000. Hizo 24,000 za ziada ni hongo.

2. Kuzungusha. Kituo kinalipa kampuni ya shemeji "ada ya ushauri". Nayo inakopesha kampuni nyingine.

3. Kurudisha. Kampuni hiyo inamjengea fleti. Sasa akiulizwa utajiri umetoka wapi, anaonyesha kodi ya wapangaji.

Rahisi kumnasa ni hatua ya kwanza: mauzo ni ya magari 100, lakini bili ya maji ni ya 20. Baadaye utabaki kufukuzana na makaratasi tu.