Rangi ya Gari na Viti Vyake: La Kutazama Kabla ya Kununua

Jamaa zetu wanaoishi Kanduyi, pale njia ya kutoka Webuye kwenda Malaba inapokutana na ile iingiayo mji wa Bungoma, wametuletea swali ambalo tumeona lafaa kujibiwa hapa, kwani familia nyingi za Pwani na za bara zinalo. Wamepata nafasi ya kununua gari lililotumika Japani, nalo lingali Mombasa. Yako mawili ya aina moja, umri mmoja na bei moja. La kwanza ni jeusi, lina viti vya ngozi nyeusi. La pili ni la rangi ya fedha, lina viti vya kitambaa cha kijivu. Baba amependa lile jeusi, kwa kuwa lang'ara na viti vyake vyapendeza. Mama ana watoto watatu, mdogo wao hajaachishwa ziwa, naye auliza ni lipi litakalomtesa kidogo.

Tuanze na rangi, na tulitazame gari siku ya Ijumaa. Baba aliegesha nje ya msikiti saa sita mchana, mahali pasipo mti, akarudi saa saba na nusu. Kanduyi iko karibu sana na mstari wa Ikweta, na katika miezi ya Machi na Septemba jua la adhuhuri husimama karibu wima juu ya kichwa. Kwa hiyo linalopigwa zaidi ni paa la gari. Jua kali la mchana humimina takriban wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba, kiasi kinachokaribia nguvu ya pasi moja ya umeme. Paa la gari la familia lina mita mbili za mraba hivi. Rangi nyeusi hurudisha sehemu ndogo mno ya mwangaza huo, hivyo ni kama pasi mbili zimewekwa juu ya paa kwa saa moja na nusu. Rangi ya fedha hurudisha zaidi ya nusu, na inayobaki haifiki pasi moja.

Jambo hili limepimwa. Wataalamu wa maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani waliweka juani magari mawili yaliyofanana katika mji wa Sacramento, moja jeusi na moja la rangi ya fedha, wakatoa matokeo yao mwaka 2011. Paa la lile la fedha lilikuwa na joto pungufu kwa hadi nyuzi 25 za Selsiasi kuliko paa la jeusi. Hewa ya ndani ilipungua kwa nyuzi 5 au 6. Rangi nyeupe haipungui manufaa hayo.

Msomaji atauliza: mbona paa likatofautiana kwa nyuzi 25, na ndani kwa nyuzi 5 au 6 tu? Sababu ni vioo. Sehemu kubwa ya joto la ndani haipiti katika bati bali huingia na mwanga kupitia kioo cha mbele na cha nyuma, ikaipiga dashibodi na viti, navyo vikaipasha hewa iliyofungiwa. Kwa hiyo gari jeupe lenye dashibodi nyeusi na kioo cha mbele kisichofunikwa bado litakuwa moto. Kifuniko cha kung'aa kinachotandazwa nyuma ya kioo cha mbele huongeza faida juu ya ile ya rangi, na hugharimu fedha kidogo.

Hapa twawasihi kina mama na kina baba wasidanganywe na rangi. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima gari lililofungwa juani katika siku za joto la nje tofauti, kuanzia nyuzi 22 hadi 36. Kwa wastani hewa ya ndani ilipanda nyuzi 22 katika saa moja, hata siku ambazo nje kulikuwa na ubaridi kiasi, na sehemu nne kati ya tano za ongezeko hilo zilitimia katika nusu saa ya mwanzo. Kuacha dirisha wazi kidogo hakukusaidia kitu cha maana. Kanduyi iko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na upepo wake hauna fukuto la Mombasa. Ndiyo maana mtu huko hujiona salama kumwacha mtoto aliyelala garini akingia dukani. Nje pakiwa na nyuzi 26, ndani huweza kukaribia 48. Nyuzi tano za rangi ya fedha hazimwokoi mtoto huyo. Ateremshwe, japo amelala, japo ni kwa dakika kumi.

Tukija kwenye utunzaji, rangi ya giza ina mizigo miwili. Wa kwanza ni wa jua. Juu ya rangi ya gari huwa na utando mwembamba ulio wazi, kama vanishi juu ya mlango wa mbao. Jua huuchosha, na joto huharakisha kuchoka huko. Dalili yake ni weupe kama ukungu juu ya paa na boneti, kisha hubanduka vipande vipande. Kwa hiyo mnunuzi alitazame paa kabla ya milango, kwani milango hubaki mizuri hata pale paa lilipokwisha. Mzigo wa pili ni vumbi. Barabara za ndani zinazotoka Kanduyi zina udongo mwekundu, nao ukilifuta gari jeusi kwa kitambaa kikavu husuguana na utando ule na kuacha mikwaruzo ya duara ionekanayo jua likipiga. Vumbi huondolewa kwanza kwa maji mengi, kivulini, ndipo kitambaa kiguse. Rangi nyeupe nayo huonyesha upesi matope ya masika. Rangi ya fedha ndiyo isitiriyo zaidi vumbi na mikwaruzo.

Sasa viti. Watu husema ngozi huchoma na kitambaa hakichomi, ilhali vyote viwili vimekaa juani muda mmoja. Tofauti iko katika mgusano. Ngozi ni laini na imeshikana. Mtu akiketi, mwili wake huigusa kila mahali, na joto lote humjia kwa mara moja. Kitambaa kina nyuzi nyingi zilizosimama na hewa katikati yake, hivyo mwili hugusa sehemu chache, na joto huja polepole. Kwa sababu hiyohiyo ngozi huwa baridi mno alfajiri za Kanduyi. Tena ngozi haipitishi jasho. Safari ya dakika kumi haina neno, lakini safari ya kutoka Kanduyi hadi Mombasa humalizika mgongo ukiwa umelowa, hasa kwa mama aliyevaa buibui.

Ubora wa ngozi huonekana watoto wanapomwaga. Maziwa au sharubati juu ya ngozi hufutwa papo hapo. Juu ya kitambaa hushuka hadi kwenye sponji, na katika msimu wa mvua sponji hiyo hukawia kukauka, ikaanza kunuka na kuota kuvu. Dawa yake ni kukandamiza taulo kavu mara moja ili linyonye, bila kusugua, kisha kutia maji baridi kidogo na kunyonya tena, na kuacha milango wazi mpaka pakauke. Katika mkojo wa mtoto kuna jambo la ziada. Juu ya ngozi, kufuta peke yake hakutoharishi. Mkojo ukishaondolewa, mahali pale hupitishiwa maji safi. Juu ya kitambaa, maji hayo yafike pale mkojo ulipofika.

Wengi wasemao wana viti vya ngozi wana ngozi bandia, hasa ikiwa vilishonewa upya na fundi. Utaitambua ukiinua ukingo chini ya kiti na kutazama upande wa nyuma: ngozi ya mnyama huonyesha manyoya manyoya mafupi yaliyosokotana, na ya bandia huonyesha kitambaa kilichofumwa. Ngozi halisi ikizeeka hufanya mikunjo midogo, kisha nyufa, pale mapaja yanapopanda na kushuka. Hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni laini, na kupakwa mafuta yake maalumu kila baada ya miezi michache. Ya bandia ikichoka hubanduka kama ngozi ya kitunguu, na mafuta hayaifufui.

Tuwarudie jamaa zetu. Ushauri wetu ni walichukue gari la rangi ya fedha lenye kitambaa, na hoja yetu kubwa ni hii: viti vyaweza kufunikwa, lakini rangi haibadilishwi kwa wepesi. Kupaka gari zima upya ni gharama kubwa, na rangi imeandikwa katika hati ya umiliki, hivyo mabadiliko hayo lazima yapelekwe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA. Kiti cha nyuma wanakokaa watoto kitawekewa vifuniko vya kuvulika na kufuliwa, na chini ya mtoto mdogo kitandazwe kitambaa kisichopenya maji, leso ikiwa juu yake. Kwa viti vya mbele, watazame ubavuni kama pana kibandiko chenye herufi SRS. Hiyo ni alama ya mfuko wa hewa wa usalama uliomo ndani ya kiti, na kifuniko kinachobana ubavu huo kwaweza kuuzuia usifunguke siku ya ajali.

Nao waliokwisha kununua gari jeusi la ngozi wana njia. Watandike leso au taulo la rangi nyepesi juu ya viti kabla ya kushuka, na waguse chuma cha mkanda kabla ya kumfunga mtoto, kwani hicho huchoma kuliko ngozi. Kabla ya kuondoka wafungue milango ya pande zote mbili dakika moja, kisha waende mwendo mfupi madirisha yakiwa wazi, ndipo wawashe kiyoyozi. Hewa iliyopikwa ikishatoka, kiyoyozi huwa na kazi ndogo, na watoto hufika nyumbani hawajalia.