Msimamizi Ameondoka na Funguo

Chukua ofisi ya wakala wa forodha Mombasa, ambayo baruapepe zake zote zina jina la kampuni mbele ya .co.ke. Kijana wa kompyuta aliyefungua Google Workspace ndiye msimamizi pekee, na malipo hutoka kwenye kadi yake. Anaacha kazi kwa ugomvi, kadi inakataa, huduma inasimamishwa. Asubuhi moja hakuna anayeingia, na hati za mizigo zimo humo humo.

Kabla ya yote, mpigieni. Akikubali kumpa mwingine usimamizi, kazi ni ya dakika chache, na wakubwa wengi hushindwa hapa kwa kiburi tu.

Asipopokea simu, msikimbilie kuthibitisha kuwa mnamiliki kampuni. Google inachotaka kujua ni nani anayeshika domeni, yaani lile jina la anwani. Ipo fomu ya kurejesha akaunti ya msimamizi: mnaijaza kwa baruapepe ya nje, isiyo ya domeni iliyofungwa, kisha mnapewa rekodi ya kuweka kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni. Huweza kuwa hivi, namba ikiwa ya kwenu:

```
12345678   CNAME   google.com
```

Mtu wa nje hawezi kuiweka, ndiyo maana inakubalika kama ushahidi. Mabadiliko ya DNS huweza kuchukua saa kadhaa kusambaa. Mhakikishe yameonekana kabla ya kulalamika:

```
nslookup -type=CNAME 12345678.mfano.co.ke
```

Ugumu wenyewe huja pale kijana alipoinunua domeni kwa akaunti yake pia. Tafuteni WHOIS ya domeni: itawaonyesha kampuni iliyoiuza na seva zinazoshika DNS, ambazo huenda ziko kwa mtu mwingine kabisa. Mkibonyeza "nimesahau nenosiri" kwa muuzaji, kiungo huweza kutumwa kwenye anwani ile ile iliyofungwa. Hapo ndipo karatasi zinapofaa: cheti cha usajili na barua ya mkurugenzi yenye nembo. Ikiwa mwenye domeni ameandikwa kuwa ni kampuni, muuzaji ana sababu ya kuwasikiliza. Ikiwa ni jina la kijana, mna mgogoro, na huenda ukafika KeNIC, wanaosimamia majina ya .ke.

Wapo watakaowashauri mhamishe rekodi za MX kwa mtoa huduma mwingine. Barua mpya zitaingia, naam, lakini za zamani zitabaki kulikofungwa. Angalieni pia tarehe ya domeni kuisha, maana ikipotea, ushahidi wenyewe umekwenda nayo.

Mkishaingia, lipeni, teueni wasimamizi wawili, mbadilishe namba za simu na baruapepe za kurejesha akaunti. Ya kijana isimamisheni tu, msiifute kwa hasira. Ikifutwa, mna siku 20 za kuirudisha, na huenda mafaili ya wateja yaliwekwa kwa jina lake.