Mapitio ya Maandiko Yanayojengwa kwa Hoja

Sura ya mapitio ya maandiko katika tasnifu nyingi huenda hivi: Abedi (1954) anasema, Kezilahabi (1974) anasema, Mulokozi na Kahigi (1979) wanasema. Kila aya ni muhtasari wa kitabu kimoja. Dalili ya kasoro hii hugundulika upesi: aya zikipanguliwa na kupangwa upya vyovyote vile, hakuna kinachoharibika, maana hakuna hoja inayoziunganisha.

Mfano mzuri ni mgogoro wa ushairi wa Kiswahili. Mtafiti anayeuchunguza huanza kwa kuchora jedwali. Maandiko hukaa kwenye mistari ya kulala, na juu ya safu za wima huandikwa maswali, kwa mfano: Ni nini kinacholifanya shairi kuwa shairi? Jadi ya ushairi ina mipaka gani? Kila kitabu hujibu maswali yaleyale, kwa maneno machache na namba ya ukurasa. Kazi hujazwa kwa kulala, kitabu baada ya kitabu, lakini husomwa kwa wima, na kila safu huzaa sehemu moja ya mapitio.

Safu ya kwanza ikisomwa hivyo, aya yake huweza kuwa hii:

“Wataalamu hawakubaliani kuhusu nafasi ya vina na mizani. Abedi (1954) anavifanya kuwa sharti la ushairi. Mulokozi na Kahigi (1979) wanavihesabu kuwa sehemu ya umbo tu, na Kezilahabi (1974) anauthibitisha uwezekano huo kwa kutunga mashairi huru katika *Kichomi*. Hata hivyo, pande zote mbili zinakubali kwamba shairi hudai lugha ya mpangilio maalumu.”

Aya hiyo inaanza na dai la mtafiti mwenyewe. Majina yanafuata kama ushahidi. Pia inatofautisha uzito wa vyanzo: *Kichomi* ni diwani, si kitabu cha nadharia, hivyo ushahidi wake ni wa aina nyingine.

Hatari iliyopo ni kulazimisha makundi. Kugawa kila mtu kuwa mwanamapokeo au mwanamabadiliko ni rahisi mno, na hapo Shariff hupotea. *Tungo Zetu* (1988) inaitetea jadi, lakini inaipanua pia kwa kuonesha wingi wa bahari zake. Safu ya pili ndiyo inayomdhihirisha, kwa sababu inauliza jadi yenyewe ni ipi. Andiko lisiloingia kundini lisikatwe kingo. Lipewe sentensi zake, na sababu ya kutofautiana kwake ielezwe.

Safu iliyobaki tupu huvutia kuitwa pengo la utafiti. Mtafiti asifanye haraka: utupu huo huweza kuwa wa usomaji wake mwenyewe, basi kwanza arudi maktaba.